Mama Glory, subiri kwanza usitoe hela ya SACCOS

Arusha, Jumapili usiku

Mama Glory mpenzi,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa dukani Kilombero wateja wamejaa nikaona haifai kujibu kwa haraka haraka, sa hivi nimetulia ndo nakuandikia yote. Hongera sana binti kumaliza kidato cha sita. Ila hapo uliposema unataka kujitoa SACCOS ili upate ile milioni nne na laki nane, na ng'ombe mmoja wa maziwa umuuze, hata matokeo hayajatoka, hapo nimeshtuka kweli.

Ngoja nikwambie kwa nini. Ile akiba kwenye SACCOS nyingi haichotwi kama amana, ukiitaka yote unajitoa uanachama, na ukishajitoa ule mlango wa kukopa mara tatu ya akiba yako ndo umefungwa. Chuo cha tiba ni miaka mitano, hiyo milioni nne na kitu itaisha mwaka wa pili haujafika katikati, alafu miaka mitatu na zaidi iliyobaki utakopa wapi? Na yule ng'ombe ndo anakupa hela ya kila wiki. Kwa hiyo mi naona hivyo viwili viwe vya mwisho kabisa, kwanza tuone hela za watu wengine zinaweza kubeba kiasi gani.

Hela za watu wengine ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, yani HESLB, unarudishwa, mtoto akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, akipata laki tisa inaondoka 135,000 mpaka deni liishe. Sio mbaya, mwombee tu, lakini ujue ni deni lake. Ufadhili haurudishwi. Binti yako kasoma PCB, kwa hiyo akipasua vizuri kabisa mtazame Samia Skolashipu, ile iliyoanza 2022 kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, nayo inasimamiwa na hiyo hiyo HESLB na inalipa ada mpaka chakula na malazi. Majina ya waliofikia vigezo yanatolewa na Bodi wenyewe baada ya matokeo, akijiona kwenye orodha ndo anaingia kuomba kwenye mfumo wao, na lazima awe amepata nafasi chuo cha hapa nchini kwenye kozi ya sayansi, tiba, uhandisi au teknolojia. Ila hiyo ni ya wachache, usiweke mayai yote humo, omba na hizi ndogo ndogo za mifuko binafsi, usharika, kampuni, na chuo chenyewe, ambazo hazina kelele.

Sasa nikusimulie ya kijana wangu maana ndo nilijifunzia humo, na niliumia.

Mwaka wa kwanza aliomba kwenye mfuko mmoja wa hapa Arusha, siutaji jina, matokeo yake yalikuwa mazuri tu, akakosa. Tulikaa tunadhani wamempa mtoto wa mkubwa. Baadaye dada mmoja wa pale ofisini akanionyesha faili, kumbe halikufika hata kwa wale wanaosoma barua, lilitolewa mwanzoni kabisa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Elia, cheti cha kidato cha nne Eliya. Herufi moja Mama Glory. Wao wana maombi mamia, wanaanza na kukagua karatasi, jina likitofautiana au cheti hakijahakikiwa RITA wanaweka pembeni wanaendelea na mwingine, hawakupigii simu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii na uifanye wiki hii kabla ya matokeo: chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na kitambulisho cha taifa kama anacho, vilaze mezani usome jina herufi kwa herufi, majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa. Vikifanana, peleka cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, siku hizi unaomba kwa mtandao unatuma nakala iliyoskaniwa wanakurudishia majibu, ila msimu wa maombi foleni inakuwa ndefu na ndo watu wanachelewa hapo hapo. Visipofanana nenda kwa wakili akuandalie hati ya majina kwamba yote ni ya mtu huyo huyo, na uwaulize unaowaomba wanataka hati ya aina gani, maana wengine kiapo cha kawaida wanakubali na wengine wanataka iliyosajiliwa. Kama marehemu baba yake anaingia kwenye maelezo, cheti cha kifo nacho kihakikiwe, usipeleke nakala tupu.

Mwaka wa pili tukarudi pale pale, karatasi safi. Sasa ikabaki barua, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo penye hela. Barua yake ya kwanza ilianza hivi: "Mimi ni kijana kutoka familia maskini, nina ndoto ya kuwa mhandisi, naomba mnisaidie." Hebu fikiria mtu anasoma barua 300 zote zimeandikwa hivyo, atamchaguaje? Tukaifuta yote. Akaandika kwamba mama ana duka la nafaka Kilombero, kwa mwezi baada ya kodi ya duka na mzigo inabaki kama laki tatu na nusu, watoto watatu wanasoma, yeye likizo anabeba mizigo na kushika daftari la mauzo, na kwamba alianza kupenda umeme baada ya kutengeneza mashine ya kusaga ya jirani iliyokuwa inazimika kila mchana. Vitu vya kweli vinavyoonekana, hakulia popote.

Alafu tukaweka bajeti ya mwaka mzima kwenye ukurasa mmoja. Hesabu ilikuwa hivi, ada 1,500,000, michango mingine ya chuo 170,000, bima ya NHIF 50,400, vitabu na viandikwa 200,000, kula na kulala tulipiga 8,000 kwa siku kwa wiki 34 ikawa 1,904,000. Jumla 3,824,400. Chini yake tukaandika familia inaweza kutoa 1,600,000 kwa mwaka, na tukaeleza inatoka wapi, kwa hiyo tunaomba 2,224,400. Wengi wanaogopa kuandika wanachoweza kutoa wanadhani watanyimwa, kumbe mfadhili anataka kujua hela yake ikiingia mtoto atamaliza au ataishia katikati kwa kukosa chakula. Ukiandika huna hata senti na mtoto amesoma bweni miaka sita, anakuuliza hiyo ilitoka wapi, na akikukamata umedanganya hapo basi.

Mwalimu wa kuandika barua ya utambulisho mpe wiki tatu, na mpe karatasi yenye matokeo na mambo aliyofanya shuleni, asipokuwa nayo ataandika "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" mistari minne amemaliza.

Akapata. Barua ikasema ufadhili kamili, nyumba nzima tukashangilia, mimi nikaenda kanisani na sadaka. Wiki ya pili ndo nasoma vizuri, kumbe kamili kwao ni ada na vitabu, yani 1,700,000. Imebaki 524,400 kwenye ile tuliyoomba. Usharika ukatupa laki tatu kwenye mfuko wao wa elimu, kwa bajeti ile ile tu niliyowapelekea, ikabaki 224,400 nikaongezea dukani. Akiba yangu SACCOS sikuigusa, na ndo nilikopea mzigo wa mahindi mwaka ule. Kwa hiyo barua ikija usiangalie neno kamili, weka bajeti yako pembeni uweke tiki kila mstari unaolipiwa, isiyo na tiki ndo yako. Na uulize maswali mawili, wanalipa kwa mwaka mmoja au mpaka amalize, na asipofikia ufaulu gani wanakata. Kuna mtoto wa jirani alikatwa mwaka wa pili si kwa kufeli, ni kwa kutotuma matokeo kwa tarehe waliyosema.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia, hela inachelewa. Chuo kilifungua Oktoba, mfuko ukalipa Novemba mwishoni, na walilipa moja kwa moja chuoni haikupita kwetu. Kijana angezuiwa kusajiliwa kama tusingeomba barua ya ahadi yenye muhuri na kiasi watakacholipa, tukaipeleka kwa mhasibu wa chuo akamruhusu. Iombe siku ile ile unayopewa ufadhili.

Na watakupigia matapeli, nakwambia mapema, namba za binti zikiwa kwenye maombi kila mahali lazima. Anasema jina limetoka tuma elfu hamsini ya kuharakisha. Usitume. HESLB wana ada yao ya maombi ya mkopo 30,000 na inalipwa kwa kumbukumbu namba inayotoka kwenye mfumo, haiendi kwenye simu ya mtu, na mfuko wa kweli haukudai hela ili ukupe hela.

Jumamosi nashuka Moshi na basi la asubuhi. Naomba usiende SACCOS kabla sijafika. Niandalie vyeti vyote halisi, daftari lako la maziwa la miezi sita iliyopita maana humo ndo tutatoa kipato chako, na binti aandike mwenyewe kwa mkono ukurasa mmoja wa mambo anayofanya nyumbani na shuleni, asipambe, nitakaa naye tuitengeneze. Na hicho cheti cha kuzaliwa nipigie picha usiku huu huu unitumie pamoja na cha kidato cha nne, nikague majina kabla sijalala.

Nisalimie binti na bibi.

Wako,
Mama Eliya