Dakika Nne za Hotuba, Maneno 61: Unalipia Nini Hasa?

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukifika, simu zetu hapa Morogoro, tunakohariri hotuba ziwe mabandiko mafupi ya mtandaoni, hazitulii, na lawama ni ile ile. Mwaka huu imekuja hivi: "Kaka, hapa nimepigwa. Nimekutumia sauti ya dakika nne, umenirudishia maneno sitini na moja. Na hela nikutumie?"

Aliyesema hivyo ni kijana mmoja ambaye mama yake, mwalimu mstaafu, alialikwa kuwa mgeni rasmi katika shule aliyowahi kufundisha. Alitaka kipande kimoja cha hotuba ya mama yake kiwe bandiko fupi ambalo ndugu na wanafunzi wa zamani wangelisoma kwenye simu zao. Tulimtoza shilingi 45,000. Kwa ruhusa ya mama na yake, naeleza hapa kazi ilivyokwenda, kwa sababu wengi wanaouliza kama yeye hawajawahi kuona kinachofanyika katikati.

Hakuanzia kwetu. Siku ya kwanza alijaribu njia ambayo karibu kila mtu huijaribu: alifungua simu, akaiweka karibu na spika, akaiacha iandike yenyewe kila inachosikia, kisha akabandika maandishi hayo Facebook jinsi yalivyo. Nimeyarekebisha tahajia tu, lakini kipande chenyewe kilikuwa hivi:

> Sasa wanangu, niseme nisiseme? Sema! Niseme? Sema! Haya. Nilikuwa zamu, mwalimu wa zamu, na hapa hapa, geti hili hili, kuna binti alikuwa anachelewa. Anachelewa Jumatatu, anachelewa Jumanne, anachelewa Jumatano, yaani kila siku anachelewa. Na mimi nampa adhabu. Fagia! Pale chini ya mwembe. Muhula mzima wanangu, na sikuwahi kumuuliza kwa nini, sikuwahi. Sasa siku hiyo nikaona mkono wake, hapa, pamekuwa hivi. Nikamwuliza hii ni nini? Akasema ni ndoo, mwalimu. Nauza kwanza ndoo kumi za maji ndo nije shule. Ndoo kumi! Nikampeleka kwa mwalimu mkuu, akamwita ndani, akamwuliza, akamwambia yote, akalia, mimi nimesimama pale mlangoni. Ndoo kumi, na mimi nampa ufagio.

Baada ya hapo zilifuata dakika mbili na ushee za kuwaasa wazazi na walimu.

Ukiisoma kwa sauti, ukijua mama anavyoongea, inapendeza. Ukumbini watu walinyamaza kimya. Kwenye simu, tatizo lilianzia kwenye neno moja: "akalia". Waliosoma walielewa kuwa binti aliitwa ofisini akakaripiwa mpaka akalia. Wakaanza kumshambulia yule mwalimu mkuu wa zamani, ambaye yupo hai na ana watoto wanaosoma mitandaoni kama sisi. Simu zikaanza kupigwa usiku. Asubuhi kijana akafuta bandiko, ndipo akatutafuta, na alitaka kazi itoke siku hiyo hiyo. Kazi ya dharura ina bei ya juu kuliko kazi ya kawaida, kwa sababu mtu mwingine aliyekuwa kwenye foleni inabidi asogezwe. Angekuja tangu mwanzo angelipa shilingi 30,000.

Sasa tazama lile neno. Kiswahili chetu kina "a" moja tu kwa mwanamume, mwanamke, mkubwa na mdogo. Ukisimulia kwa mdomo, sauti ndiyo inayotofautisha watu: mama alipofika kwa mwalimu mkuu aliinua kidevu na kuongea kwa uzito, alipofika kwa binti sauti ikashuka. Msikilizaji hakupotea hata kidogo. Kwenye maandishi unabaki na akamwita, akamwuliza, akamwambia, akalia, na hakuna anayejua nani ni nani. Uhariri wowote wa hotuba ya Kiswahili lazima upite kwenye kila "a" ya namna hiyo na kuuliza: huyu ni nani? Kama sauti haijibu, anaulizwa msemaji. Nilimpigia mama. "Shikamoo mwalimu. Pale ofisini, aliyelia ni nani?" Akakaa kimya kidogo. "Mwalimu mkuu," akasema. "Binti hakulia. Alikuwa ameshazoea."

Simu ya dakika tatu. Ndiyo iliyogeuza kisa kizima.

Jambo la pili lilikuwa "hapa, pamekuwa hivi". Kijana alikuwa ametuma sauti na picha za karatasi za hotuba, bila video. Karatasi hazikusaidia, kwa sababu kisa hiki hakimo humo kabisa. Mama aliziweka mezani akaanza kuongea kutoka moyoni, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wasemaji wengi wazuri. Tukamwomba video kwa mpiga picha wa shughuli. Kwenye video mama anafungua kiganja cha kulia na kugusa pale vidole vinapoanzia, mahali mpini wa ndoo unapokaa. Kwa hiyo "pamekuwa hivi" ni sugu ya kiganjani. Bila video ningeandika "alama mkononi", na msomaji angeweza kufikiri ni kovu la kipigo. Kila "hapa", "huyu", "vile" na "hivi" ya ukumbini ilikuwa imeshikiliwa na kidole cha msemaji. Kwenye skrini kidole hakipo, kwa hiyo ama unaweka jina la kitu, ama unaondoa neno lenyewe. Geti, kwa mfano, tuliliondoa. Ukumbini lilikuwa na nguvu kwa kuwa wahitimu walikuwa wakiliona dirishani. Kwa msomaji aliyeko Mwanza ni geti tu.

Halafu kuna marudio, na hapa ndipo wateja wengi hunikasirikia. "Mbona umekata Jumatatu, Jumanne, Jumatano? Hapo ndipo watu walipopiga makofi!" Naelewa. Lakini masikio hayawezi kurudi nyuma, na ndiyo maana msemaji hurudia, ili aliyekosa mara ya kwanza apate ya pili. Jicho linaweza kurudi. Likiona maneno yale yale mara tatu linaruka, na likiruka huwezi kujua litatua wapi. Kwa hiyo siku tatu zikawa "kila siku". Kurudia kumoja tulikuacha, "ndoo kumi", kwa sababu mara ya pili halina maana ile ile: mara ya kwanza ni habari ya binti, mara ya mwisho ni uchungu wa mwalimu.

Tulikata pia "niseme, sema", tukakata "yaani" na "sasa", na ule mnyororo wa "nika" na "aka" tukaupunguza. Mdomoni mnyororo huo ndio mwendo wa hadithi. Kwenye skrini, vitenzi sita vya "ka" mfululizo vinamchosha msomaji kwa sababu vyote vina uzito mmoja. Tuliacha viwili tu, mahali kisa kinapogeuka.

Hili ndilo lililotoka:

> Muhula mzima nilimpa binti mmoja adhabu ya kufagia chini ya mwembe kwa sababu alikuwa anachelewa kila siku.
>
> Sikuwahi kumuuliza kwa nini.
>
> Siku moja nikaona sugu kwenye kiganja chake. Nikamwuliza, hii ni nini?
>
> "Ni ndoo, mwalimu. Nauza ndoo kumi za maji kwanza, ndipo nije shule."
>
> Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu. Binti alisimulia. Aliyelia ni mwalimu mkuu.
>
> Ndoo kumi. Na mimi nilikuwa nampa ufagio.

Sentensi ya kwanza ina herufi 107 ukihesabu na nafasi. Si bahati. Instagram huonyesha takriban herufi 125 za mwanzo kabla ya kuficha zilizobaki, kwa hiyo adhabu, binti na kuchelewa vyote lazima vionekane kabla msomaji hajagusa kitu. Bandiko zima linaingia kwenye stetasi moja ya WhatsApp, ambayo ikiwa ya maandishi inapokea herufi 700. Ndiyo maana pia kila hatua ina aya yake; kwenye simu, sentensi tano zilizobanana ni ukuta.

Zile dakika mbili za kuasa hatukuziweka. Kijana aliumia kwa hilo kuliko jingine, akasema mafunzo ndiyo hotuba. Nilimwomba aisome mara moja akiweka "kwa hiyo wazazi tuulize kwanza" mwishoni, mara moja bila hiyo. Akanyamaza, kisha akaniandikia: "Acha tu."

Kuna mahali nilikosea, na ni haki niliseme. Rasimu ya kwanza niliandika "ndoo kumi kabla jua halijachomoza". Lilikuwa linasikika vizuri. Tunampelekea msemaji kila rasimu kabla haijatoka, na mama akalikataa palepale. "Mwanangu, mimi sikusema jua. Sikujua alikuwa anaamka saa ngapi. Ndiyo shida yenyewe." Nikalifuta. Bandiko linabeba jina lake kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo sina ruhusa ya kumwongezea hata asubuhi. Kupunguza ni kazi yetu. Kuongeza ni kumsemea mtu. Na kama mteja anataka alama za kunukuu zizunguke maneno yote, basi hatugusi chochote ila vikohozi, na bei inabadilika kwa sababu hapo tunatafuta kipande kinachosimama chenyewe, ambacho wakati mwingine hakipo.

Jina la binti alilitaja mama ukumbini, na mtaa wao pia. Vyote viwili havimo. Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki siku ile wanamfahamu. Walioko mtandaoni hawakuhitaji kumjua ili waelewe, na yeye mwenyewe hajaulizwa.

Sasa hesabu. Dakika moja ya sauti ya ukumbini, yenye mwangwi wa spika na watoto wanaolia, hutuchukua dakika tano hadi sita kuinakili kwa uaminifu. Kipande hiki kilitaka kunakili, video kutazamwa mara kadhaa, simu mbili kwa mama, rasimu tatu. Maneno tuliyoyakata yalitupa kazi kubwa kuliko yale 61 yaliyobaki, na hatuwezi kutoza kwa idadi ya maneno yaliyobaki, kama vile fundi cherehani asivyotoza gauni la kubana kwa bei ya chini kwa sababu limemaliza kitambaa kidogo.

Ukituletea kazi ya namna hii, lete video, si sauti peke yake, na karatasi ya hotuba ikiwepo iongezee tu. Tuambie dakika na sekunde kipande kinapoanzia. Tupe namba ya msemaji au ya mtu atakayetuunganisha naye, kwa sababu bila yeye hatutoi kitu. Tupe siku tatu. Kwa kipande kisichozidi dakika tano bei ni hiyo hiyo 30,000, na rasimu mbili za marekebisho zimo ndani yake.

Kijana alilipa jioni ile. Wiki iliyofuata alituma sauti nyingine, ya babu yake, dakika kumi na tisa, na video juu.