Lehemu huhesabiwa kwa miaka

Mhariri,

Hapa Dodoma wengi wetu hupima lehemu baada ya kifua kuanza kubana. Kipimo hicho husema hali ya leo tu, ilhali mishipa imekuwa ikijaa lehemu tangu utotoni. Zidisha LDL, ile lehemu mbaya, kwa umri upate mzigo ambao mishipa imebeba maishani: mwenye milimoli 4 kwa lita hufikisha 160 akiwa na miaka 40, mwenye 3 hufika hapo akiwa na 53.

Waliozaliwa na jeni zinazopunguza LDL kwa milimoli 1 wana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo pungufu kwa takriban nusu. Statini, dawa za kupunguza lehemu, zikianzwa ukubwani, upungufu uleule kwa miaka mitano hupunguza hatari kwa asilimia 22 hivi, maana utando wa lehemu uliokwisha kukomaa mishipani hauondoki wote. Aliyezaliwa na mzazi aliyeugua moyo mapema apimwe angali kijana, hata akiwa mwembamba.

Msomaji,
Area C, Dodoma