Sehemu ya masoko kwenye mpango wako wa ushonaji

Shoga yangu mpendwa,

Habari za huko, na watoto hawajambo? Rasimu nimeisoma. Kwenye masoko umeandika kwamba utatangaza WhatsApp na wateja wataambizana, ukaishia hapo. Naomba uiandike upya, na uianzie kwenye sare, kwa sababu kazi moja ya sare za sendofu inakuletea wanawake 12 kwa mpigo, na wote watavaa kazi yako mbele ya ukumbi mzima.

Siku ya kupima, vipimo visiishie kwenye daftari. Mtumie kila mmoja vyake palepale: kifua 38, kiuno 32, nyonga 44, urefu 56, alicholipa, alichobakiza na siku ya kuja kujaribisha. Kisha mwombe ahifadhi namba yako akiwa bado amesimama mbele yako. Hili usilirahisishe. Tangazo la pamoja la WhatsApp, ambalo orodha moja hubeba watu 256, humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Status nayo kwa kawaida haionekani mpaka muwe mmehifadhiana. Ukitaka kujua nani hakupati, fungua taarifa za tangazo baada ya siku mbili. Anayekosa kila mara kwenye orodha ya waliofikiwa, ilhali simu yake iko hewani, huenda hajakuhifadhi.

Picha zipige siku ya kujaribisha, karibu na mlango penye mwanga wa mchana: mbele, nyuma, na moja ya karibu inayoonyesha zipu na shingo, maana mjuzi wa nguo huangalia hapo kwanza. Omba ruhusa. Ila sare usiirushe kabla ya sherehe, bibi harusi hatakusamehe. Sherehe ikiwa Jumamosi, weka Jumapili jioni, uandike bei ya kushona, yadi zilizotumika na siku unazohitaji. Status inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo hizohizo ziweke pia kwenye katalogi ya WhatsApp Business.

Jumatatu watumie wote 12: "Gauni limekukaaje? Panapobana lete Jumatano, narekebisha bure." Asiporidhika atakwambia wewe kabla hajalisema kwenye kundi lao. Kila mteja mpya muulize nani kamwelekeza, uandike jina hilo pembeni ya vipimo vyake. Aliyekuletea mtu mkunjie pindo au mbadilishie zipu bure. Punguzo la pesa usitoe, maana litasambaa na kugeuka ndiyo bei yako.

Jambo la mwisho ni uwezo wako. Kama unamaliza magauni mawili kwa siku, sare 12 ni siku sita, na uongeze mbili za marekebisho. Kwa hiyo andika kabisa kwenye mpango tarehe ya kuacha kutangaza kabla ya Idi na Krismasi. Sare moja ikichelewa, wale 11 waliopata zao watakuwa ukumbini wakieleza kwa nini mwenzao kavaa tofauti.

Nitumie rasimu mpya ukishaiandika.

Wako,
Shoga yako