Barua kwa mdogo wangu: likizo inaisha, mtoto bado anaamka usiku

Mdogo wangu,

Siku zako 84 za likizo ya uzazi zinayoyoma, na mwenzako wa kazini amekushauri umwache mtoto alie siku tatu mfululizo, eti atazoea kulala mpaka asubuhi. Unaniuliza kama ufanye hivyo kabla hujarudi kazini. Nakuomba usifanye. Mtoto ana wiki kumi na moja tu.

Katika umri huo mwili wake ndio kwanza unaanza kutofautisha usiku na mchana. Homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka kwa mpangilio wa kueleweka anapokaribia miezi mitatu. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo njaa ya usiku ni njaa kweli. Halafu kuna upande wako. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Ukimkatisha kunyonya usiku, na mchana unashinda ofisini, matiti yatapokea habari moja tu, kwamba maziwa hayahitajiki.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia, Pamela Douglas na Peter Hill, walipitia tafiti nyingi kuhusu mafunzo haya ya kumzoeza mtoto kulala katika miezi sita ya mwanzo. Hawakuona kwamba yanamsaidia mtoto wala mama. Kwa watoto wakubwa kidogo mambo ni tofauti: huko huko Australia, familia zilizofundishwa mbinu hizi watoto wakiwa na miezi saba au minane zilifuatiliwa hadi watoto walipofika miaka sita, na hawakuonekana kudhurika. Kwa hiyo mbinu yenyewe siipingi. Naupinga umri.

Sasa tuangalie usiku wako ulionisimulia. Anaamka saa nne, saa saba, saa tisa na nusu, na saa kumi na moja alfajiri. Mara tatu za mwanzo unasema ananyonya kwa nguvu na unamsikia akimeza. Hiyo ni njaa, mnyonyeshe, taa iwe hafifu na usimwongeleshe. Ile ya saa kumi na moja ndiyo iliyonivutia: anaguna, anajinyonganyonga, macho yamefumba, nawe unamnyanyua. Huenda hajaamka kabisa. Watoto wachanga huguna na kutupa mikono wakiwa usingizini, na tukiwahi kuwanyanyua tunawaamsha sisi. Subiri dakika moja au mbili huku ukimtazama. Akifungua macho na kuanza kutafuta titi, mpe.

Dalili kwamba yuko tayari kufundishwa kulala utaziona polepole, kwa kawaida kuanzia miezi sita. (Kwa mtoto njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.) Kwanza, uzito unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki. Pili, mwenyewe ameshaanza kulala kwa muda wa saa tano au sita bila kunyonya, hata kama si kila siku. Tatu, akishtuka usiku wakati mwingine hunyonya kidole au hugeuza kichwa na kurudi kulala kabla hujamgusa. Ya nne ndiyo naiamini zaidi: akiamka anafyonza mara tatu nne, hamezi, anasinzia, na ukimtoa kwenye titi analia. Hapo anatafuta namna ya kulala aliyoizoea, si chakula. Lakini akiwa na homa, mafua au sikio linauma, ahirisha hata kama dalili zote zipo.

Na wakati huo ukifika, huna haja ya kumhamishia chumba kingine. Mlaze chali chandaruani, pasipo mito wala mablanketi mazito, akiwa amelegea kwa usingizi ila hajalala. Kaa karibu, weka mkono kifuani pake, na kila baada ya usiku kadhaa punguza kumgusa. Wapo wanaotoka na kurudi kwa vipindi vinavyorefuka, dakika tatu, kisha tano. Katika nyumba zetu za chumba kimoja njia ya kukaa naye hutekelezeka zaidi. Hata hapo, kunyonya mara moja usiku bado ni kawaida kwa watoto wengi.

Kama badala yake nepi zinazolowa hazifiki sita kwa siku, au uzito umesimama, au ni mzito kuamka kunyonya, hilo si suala la usingizi. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Kuhusu kazi, sheria ya ajira ya Tanzania inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Omba kwa maandishi wiki hii: ama uingie saa moja baadaye na utoke saa moja mapema, au uje nyumbani mchana. Ukipata usingizi wa asubuhi kidogo baada ya kumnyonyesha alfajiri, utaweza kumfikisha mtoto miezi sita bila kumliza akiwa na njaa.

Dada yako