Barua ya wazi kwa wanangu wauguzi: kea plani ya mgonjwa wa kisukari

Wanangu, habari za zamu. Nimepitia kea plani zenu za wagonjwa wa kisukari aina ya pili na karibu zote zinafanana, utadhani ni mgonjwa mmoja anahamahama vitanda. Tatizo "ukosefu wa elimu", lengo "sukari ishuke", basi, faili limefungwa.

Haya tumchukue yule mama wa miaka 58. Anameza metformini, anachoma insulini ya muda mrefu uniti 30 kila usiku, sukari ya asubuhi kabla hajala ni 14 mmol/L na HbA1c asilimia 10.4. Mkaandika hafuati dawa. Nani kawaambia? Mpeni peni yake achome mbele yenu na nyie mtulie mwangalie tu. Mkono unaenda palepale kushoto kwa kitovu, mahali anapopapenda kwa sababu hapaumi, sasa papaseni hapo kwa vidole mtakuta kinundu kigumu chini ya ngozi. Insulini ikiingia humo inanyonywa kidogo na bila mpangilio, leo hivi kesho vile, kwa hiyo dawa anachoma kila siku ila mwilini haifiki inavyotakiwa.

Kwa hiyo utambuzi wenu unabadilika, unasomeka hivi: sukari kutotulia, kunakotokana na kuchoma insulini kwenye kinundu, dalili zake kinundu chenyewe na sukari ya 14. Hapo sasa hata cha kufanya kinajileta, aache hilo eneo, azunguke tumbo na mapaja, kila sindano ikae mbali kidogo na ya jana.

Ila kabla hajahama mwambieni daktari kwanza, maana uniti 30 zilezile kwenye ngozi nzima zinaweza kumshusha vibaya na mara nyingi dozi inabidi ipunguzwe. Pimeni sukari mara nyingi zaidi siku hizo, na ikienda chini ya 4 au akianza kutetemeka na kutoka jasho, kama anameza vizuri apewe gramu 15 za sukari, mpime tena baada ya dakika 15.

Vigezo vya tathmini viandikeni siku hiyohiyo mnapoandika lengo. Kuna aliyeandika HbA1c itashuka ndani ya siku 3, mwanangu, kile kipimo kinasoma miezi miwili mitatu ya nyuma, kirudie baada ya miezi 3. Kwa wodini andika vinavyoonekana: kabla ya kuruhusiwa atachoma mwenyewe sehemu mpya bila kukumbushwa, atataja dalili za sukari kushuka, na hatashuka chini ya 4. Kliniki ndiyo mwangalie kama ya asubuhi imeingia kati ya 4.4 na 7.2, au lengo alilopangiwa na daktari wake.

Na ikibaki 14 wakati anachoma vizuri, msiandike "lengo halijafikiwa" mkaondoka. Rudini kwenye asesimenti, muulize insulini anaitunza wapi, imeisha muda?, ana kidonda au homa, anakula nini usiku.