Kodi ya nyumba: niifunge kwa dola au kwa mfumuko wa bei?

Ndugu Mhariri,

Nina nyumba Mikocheni aliyotuachia baba, na ada ya wanangu wawili inatoka humo. Mpangaji wangu ana familia, amekaa miaka minne na hajawahi kunichelewesha kodi. Zamani tuliandikiana dola 500 kwa mwezi. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilipotoka Machi 2025, tukageuza kuwa shilingi 1,250,000. Sasa tunataka mkataba mpya wa miaka mitatu, kuanzia 1 Juni.

Kaka yangu ananishauri niandike "shilingi zilizo sawa na dola 500 kwa kiwango cha siku ya malipo". Mimi naona hiyo ni dola ileile iliyovishwa kanga, maana kanuni zinakataza hata kutaja bei kwa fedha za kigeni. Tena mshahara wa mpangaji ni wa shilingi, ikiporomoka ataumia. Ikipanda, kama ilivyopanda mwishoni mwa 2024, nitapungukiwa mimi, na fundi bomba hatanipunguzia kitu.

Basi nimeifunga kodi kwa mfumuko wa bei, kwa kutumia fahirisi, yaani namba inayoonyesha bei za bidhaa na huduma zimebadilika kiasi gani. Nimeandika hivi: "Kila 1 Juni, kodi itazidishwa kwa Fahirisi ya Taifa ya Bei za Walaji ya Aprili ya mwaka huo, inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha itagawanywa kwa fahirisi ya Aprili ya mwaka uliotangulia. Ongezeko halitazidi asilimia 6, na kodi haitashuka." Nimechagua Aprili kwa kuwa takwimu zake hutoka Mei, kabla kodi mpya haijaanza.

Tulikaa sebuleni na kikokotoo tukajaribu. Tuseme fahirisi imetoka 116 ikafika 120. Mpangaji akasema hiyo ni asilimia 4. Nikamwonyesha kuwa ni pointi 4; ukigawa kwa 116 unapata asilimia 3.45 hivi, na kodi inakuwa shilingi 1,293,103. Akaridhika, tukakubaliana kukata mpaka elfu iliyo karibu.

Kinachoninyima usingizi ni mambo mawili. Fahirisi ya sasa inahesabiwa kwa mwaka 2020 kuwa 100. Ofisi ikibadili mwaka wa kizio katikati ya mkataba, namba itashuka ghafla na hesabu yangu itavurugika. Niandike nini hapo?

La pili ni ile asilimia 6. Bei zikipanda asilimia 9 mwaka mmoja, zile 3 zitakuwa zimenipotea kabisa, kwa sababu mwaka unaofuata naanza hesabu upya. Nikigawa kila mara kwa fahirisi ya Aprili ya mwaka wa kwanza wa mkataba, na kuzidisha kodi ile ya mwanzo, zitarudi polepole bei zikitulia. Mpangaji anasema hapo nitakuwa nimempa kinga kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Sitaki kumwonea. Wenye nyumba na wapangaji mliopitia haya, ipi ni haki kati ya njia hizi mbili, nayo iandikwe kwa maneno gani?

Mama wa Mikocheni, Dar es Salaam