Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sahani Zimeongezeka, Fedha Imepungua

Ndugu wanachama,

Hesabu za mweka hazina mnazo mkononi. Kuhusu ada na kodi ya jengo sina la kuongeza, zote zimelipwa. Nitakaa kwenye mgahawa wetu wa hapa Mtwara mjini, maana tangu hesabu zisambazwe nimeulizwa swali moja: bajeti ilikuwa sahani 20,000, tumeuza 24,000, mbona fedha imepungua?

Nianze kwa kusema hakuna aliyeiba, kwa sababu najua yanayosemwa. Bei hatukuzigusa, na gharama ya kila sahani ilibaki karibu na tuliyopanga. Kilichobadilika ni aina ya chakula kilichonunuliwa.

Wali wa nazi kwa samaki tunauza shilingi 9,000. Ukiondoa vyakula na mkaa, kila sahani inatuachia 4,000 za kulipia mishahara na kodi. Pilau inaacha 2,500, wali maharage 1,000. Tulipanga samaki 8,000, pilau 6,000 na maharage 6,000, na hizo zingetuachia milioni 53. Tulichouza ni samaki 6,000, pilau 6,000 ileile, na maharage 12,000. Hapo zimebaki milioni 51. Sahani 2,000 za samaki zilizokosekana zilituondolea milioni 8, na sahani 6,000 za maharage zilizozidi zikarudisha milioni 6. Ili kufidia sahani moja ya samaki lazima tuuze nne za maharage.

Upungufu huo wa milioni 2 mhasibu ameugawa sehemu mbili, na mgawanyo wake ndio unaoeleza mwaka wetu. Kwa bajeti, sahani moja ilitakiwa kuacha wastani wa shilingi 2,650. Tulizidisha sahani 4,000, kwa hiyo wingi peke yake ungetuongezea milioni 10.6. Hiyo ndiyo tofauti ya wingi, nayo ni nzuri. Lakini sahani 24,000 kwa wastani ule zingeacha milioni 63.6, nasi tumepata 51. Milioni 12.6 zilizopotea hapo ni tofauti ya mchanganyiko. Kazi ya kuvuta wateja imefanyika vizuri, ila wateja waliokuja wamekula vya bei ndogo.

Mjumbe mmoja wa kamati aliona kwenye jedwali kwamba maharage yamepewa alama ya faida, milioni 4.8, akataka mpishi apongezwe. Kwa uwiano wa bajeti, kati ya sahani 24,000 maharage yangekuwa 7,200, kwa hiyo zilizozidi uwiano ni 4,800. Alama hiyo inatokana na njia ya kuzidisha sahani hizo kwa 1,000 zinazoachwa na kila sahani. Ukipima maharage dhidi ya wastani wa 2,650, sahani zilezile 4,800 zinaonyesha hasara ya milioni 7.92. Jumla ya vyakula vyote haibadiliki, ni milioni 12.6 kwa njia zote mbili. Kwa hiyo mtu asipongezwe wala kulaumiwa kwa mstari wa chakula kimoja kabla hatujajua umepigiwa hesabu kwa njia gani.

Swali kubwa zaidi ni kama waliokula maharage wameacha samaki. Hesabu ya mchanganyiko inachukulia kwamba wateja ni walewale, wamehama sahani tu. Tumepitia vitabu vya oda mwezi kwa mwezi. Maharage yalipanda kuanzia Machi, vijana wa ujenzi walipoanza kazi jirani yetu, na Machi hadi Mei samaki hawakushuka. Samaki walishuka Juni hadi Agosti, kusi lilipovuma, ngalawa zikawa haziendi mbali na bei ikapanda sokoni. Msimamizi alikataa kununua kwa bei ile, na kwenye vitabu neno "wameisha" linaonekana kabla ya saa saba mchana. Mteja alikuwepo, samaki hayupo.

Kwa hiyo sikubaliani na pendekezo la kuondoa wali maharage. Vijana wale wasingenunua samaki wa 9,000, na kila sahani yao ni shilingi 1,000 ambazo tusingezipata. Angalizo langu ni moja: viti. Kati ya saa saba na saa nane mchana mgahawa hujaa, na kijana anayekalia kiti wakati mteja wa samaki amesimama mlangoni anatugharimu shilingi 3,000. Saa nyingine hakuna tatizo.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, bajeti ijayo igawanywe kwa msimu, miezi ya kusi ipangiwe samaki wachache na pilau zaidi. La pili, tununue friza ya kuhifadhia samaki wa kaskazi, na maharage ya saa saba yauzwe kwa kufungiwa, dirisha la upande wa barabara. Bei tatu za friza zimeambatishwa, na kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.